Feni ya jikoni inayogonga na kugoma: kung'oa ukoko wa mawese na kukagua mota

Shemeji yangu ana mgahawa mdogo pale Mwanga, hapa Kigoma mjini. Anakaanga migebuka na dagaa kuanzia saa kumi na moja alfajiri, na ukutani juu ya majiko ameweka feni ya kutoa moshi ya inchi 12, yenye mapanga matano ya bati na vibao vya nje vinavyofunguka upepo ukisukuma. Asubuhi moja alinipigia simu. "Shemeji, feni yangu inaguna tu. Ikianza kuzunguka inagonga kama mtu anatwanga kisamvu. Na ajabu ni kwamba ikifika saa tatu inakuwa nzuri kidogo." Fundi aliyepita kabla yangu alishamwambia mota imekufa anunue feni nyingine.

Hayo maneno ya "ikifika saa tatu inakuwa nzuri" ndiyo yaliyonifanya nichukue bisibisi badala ya kwenda dukani kumnunulia mpya. Mota iliyoungua haiponi jua likipanda. Kinachobadilika kati ya alfajiri na saa tatu ni joto la jikoni, na kinachojali joto kiasi hicho ni mawese.

Mawese si kama mafuta ya alizeti. Yanakuwa maji kabisa kwenye nyuzi joto 35 hivi, na chini ya hapo huanza kuganda. Usiku jiko likipoa, mvuke wa mawese uliotua juu ya feni unashikana kama siagi. Mwingine umepenya pale shafti inapotokea kwenye mota, nao unaganda humo humo. Alfajiri mota inaamka ikiwa imeshikwa shingo. Jiko likishapata moto, mafuta yanalainika na feni inajikokota. Kwa hiyo ukisikia feni yako inagoma asubuhi na kupona mchana, anza na usafi. Ikiwa inagoma saa zote, usafi bado unaanza, ila andaa na mita ya kupimia umeme.

Kabla ya kupanda ngazi

Zima majiko yote, gesi na mkaa, usubiri yapoe, kwa sababu utafanya kazi juu yake na huenda ukatumia mafuta ya taa. Chomoa plagi. Kama feni imeungwa moja kwa moja ukutani bila plagi, kuzima swichi yake hakutoshi: zima sakiti breka yake au swichi kubwa, kisha hakikisha kwa testa kwamba nyaya hazina umeme. Nimeshakuta swichi iliyokata waya wa nyutro ikauacha waya wa moto ukiwa hai kwenye mota. Feni imetulia, swichi imezimwa, na bado inakupiga.

Sasa, bado ikiwa ukutani, fanya kipimo kisichohitaji kifaa chochote. Zungusha mapanga kwa kidole. Feni nzima ukiisukuma kidogo inaendelea yenyewe mizunguko kadhaa kabla ya kusimama taratibu. Ikisimama mara unapoondoa kidole, kuna kitu kinaishika: mafuta yaliyoganda, bushi iliyokauka, yaani ile pete ambamo shafti inazungukia, au panga linalokwaruza fremu. Ikizunguka kwa ulaini kabisa lakini ukiwasha inaguna tu, basi uzito hauko kwenye mapanga, uko kwenye umeme wa mota, na mara nyingi ni kapasita, kile kidude kinachoisaidia mota kuanza.

Halafu shika kitovu cha mapanga ukitikise juu na chini, si mbele na nyuma. Kwenda mbele na nyuma milimita moja hivi ni kawaida kwa mota za bushi. Juu na chini hapatakiwi kuwa na mchezo unaousikia mkononi. Ukisikia "tok, tok", bushi imelika, na hakuna sabuni itakayoiponya.

Feni ya shemeji ilikuwa nzito kidoleni, ilizunguka nusu duara ikasimama. Juu na chini haikucheza. Ila nilipolishika panga moja, kitovu kilizunguka kidogo huku shafti imetulia. Hapo nilishapata chanzo kimoja cha kugonga: skrubu ndogo inayobana kitovu kwenye shafti ilikuwa imelegea.

Kuitoa

Piga picha ya nyaya zilivyoungwa kabla hujagusa kitu. Kisha fungua wavu wa mbele. Mapanga ya bati kwa kawaida hushikwa na skrubu ya pembeni ya kitovu, inayofunguliwa kwa bisibisi au spana ya L ya pembe sita. Mapanga ya plastiki mara nyingi hushikwa na nati ya mbele, na nyingi kati ya hizo zina meno ya kinyume: unafungua kwa kuelekea upande wa mshale wa saa. Tafuta alama ya mshale juu ya nati kabla hujatumia nguvu, maana nati hizo ni za plastiki na hupasuka.

Kwa kalamu ya kuandikia chupa, weka alama kwenye kitovu na kwenye shafti ili urudishe panga pale pale, na uangalie upande upi ulikuwa mbele. Panga likikataa kutoka, usilipige nyundo. Shafti nyembamba ikipinda hata kidogo, umetengeneza mtikisiko wa kudumu. Loweka kitambaa kwenye maji ya moto, kikamue, kizungushie kitovu dakika tano, mawese yalainike, kisha vuta kwa mikono miwili huku ukipindapinda taratibu.

Ukoko wa aina tatu

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, kwa sababu wanaona mafuta ni mafuta. Kwenye panga la shemeji kulikuwa na matabaka matatu na kila moja lilitaka dawa yake.

La juu lilikuwa jekundu, laini, la wiki hiyo. Hilo ni mawese yaliyoganda tu. Likwangue kwa kijiti cha mbao au kipande cha kadi ngumu ya plastiki, ulifute kwa karatasi uitupe. Usilipeleke kwenye maji ya sabuni, maana litakula sabuni yote bure na kuziba bomba la karo.

La katikati lilikuwa la kahawia, lenye kunata kama ulimbo wa kunasia ndege. Haya ni mafuta yaliyopigwa na joto na hewa kwa miezi hadi yakageuka. Hayayeyuki tena kwa nyuzi 35 wala kwa 60. Maji ya moto peke yake yanayachekea. Yanahitaji sabuni na muda. Mimi naweka lita kumi za maji kwenye beseni pana, sabuni ya unga konzi mbili za mkono, nalaza mapanga nusu saa, nasugua kwa brashi ya kufulia, namwaga, narudia na maji mapya. Mara ya pili ndiyo inayong'oa. Kwa mapanga ya bati maji yawe ya moto kiasi cha kutoweza kuacha mkono ndani. Kwa mapanga ya plastiki yawe ya moto unaoweza kuuvumilia, la sivyo yatajikunja na hayatanyooka tena.

La chini kabisa, kwenye ukingo wa panga unaokata hewa, lilikuwa jeusi na gumu: mafuta ya zamani yaliyochanganyika na masizi ya mkaa. Kwa hilo, na kwa panga la bati tu, nachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, nakilaza juu ya ukoko dakika kumi na tano, nje uani mbali na moto, kisha nakwangua kwa kijiti. Halafu panga linarudi kwenye sabuni mpaka harufu ya mafuta ya taa iishe. Petroli usitumie kabisa; mvuke wake unatembea chini chini hadi jiko la jirani.

Usitumie kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, ikiwa mapanga ni ya alumini. Inaitafuna alumini huku ikitoa mapovu, na panga linatoka na vishimo upande mmoja kuliko mwingine. Magadi na maji ya majivu yana tabia hiyo hiyo kwa kiasi kidogo. Kujua kama ni alumini, weka sumaku: isiposhika na panga ni jepesi, kaa na sabuni ya unga. Stiliwaya nayo iache, inakwaruza panga na mafuta yanapata pa kushika wiki inayofuata.

Kwa nini tujisumbue hadi ukingo wa panga? Feni ya namna hii inazunguka kama mara 1,300 kwa dakika. Kipande cha ukoko cha gramu 10, kizito kama vijiko viwili vya chai vya mafuta, kikiwa karibu na ncha ya panga la inchi 12, kinavuta shafti kuelekea nje kwa nguvu ya zaidi ya kilo mbili, na mvuto huo unazunguka na panga zaidi ya mara ishirini kila sekunde. Ndiyo maana feni nyingi huanza kugonga si siku zinapochafuka, bali siku kipande cha ukoko kinapodondoka kutoka panga moja na kubaki kwenye mengine. Uchafu uliolingana hautikisi. Kwa hiyo ukisafisha mapanga matatu vizuri na mawili ukayalipua kwa sababu umechoka, feni itagonga kuliko ulivyoikuta.

Baada ya kukauka, lipime. Pitisha bisibisi nyembamba kwenye tundu la kitovu, uishike mlalo, uache mapanga yazunguke yenyewe. Panga lile lile likiwa linarudi chini kila mara, ndilo zito: au bado lina ukoko nyuma, karibu na kitovu pasipoonekana, au limepinda. Kupinda utakuona kwa kulaza mapanga mezani na kupima kwa rula urefu wa ncha ya kila panga kutoka mezani. Tofauti ya milimita mbili au tatu naiacha. Ikizidi hapo, narudisha panga kwa mkono polepole, bila koleo.

Usisahau vibao vya nje. Vya shemeji vilikuwa vimegandishwa na mafuta, viwili havikufunguka kabisa na kimoja kilikuwa kimechomoka bawaba upande mmoja. Hicho ndicho kilichokuwa kikilia "taka-taka-taka" ambako yeye alidhani ni mota. Vioshe mpaka kila kimoja kidondoke chenyewe ukikiinua na kukiachia. Usivitie mafuta kwenye bawaba. Vitashika masizi upya.

Mota yenyewe

Mota haioshwi. Ifute kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, na vumbi kwenye matundu yake ya kupoza litoe kwa brashi kavu ya rangi. Maji yakiingia kwa bahati mbaya, iache juani siku mbili kabla ya kuipa umeme.

Panapotokea shafti ndipo pa kuangalia. Kwa shemeji kulikuwa na pete ya ulimbo wa kahawia imezunguka shafti. Niliing'oa kwa kijiti cha meno, nikafuta shafti kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo sana, nikaizungusha huku nikifuta mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Shafti ikawa nyepesi. Hapo niliweka matone mawili ya mafuta ya cherehani mbele na mawili nyuma, nikaizungusha kwa mkono dakika moja, nikafuta yaliyozidi.

Mafuta hayo ni kwa mota ya bushi, ile pete ya shaba yenye vitundu visivyoonekana inayofyonza mafuta kama sifongo. Usiitie grisi, inaziba vitundu hivyo na bushi inakauka ndani huku nje ikionekana imelowa. Na kwa hisani yako, usiitie mafuta ya kupikia. Nimekuta feni iliyotiwa mawese kwenye bushi na mtu mwenye nia njema kabisa, na wiki tatu baadaye ilikuwa imeshika kama imelehemewa.

Mota zenye beringi za gololi ni hadithi nyingine. Zikilia kwa sauti ya kukwaruza kavu, "krrr", hata ukizungusha kwa mkono, badilisha beringi. Namba imechorwa kwenye ubavu wake: 608 kwa mfano ina tundu la milimita 8, na 6201 ina tundu la milimita 12. Chukua yenye mfuniko wa mpira pande zote mbili, isiyo wazi, kwa sababu moshi wa mafuta utaimaliza iliyo wazi upesi.

Kapasita

Baada ya usafi, shafti ya shemeji ilizunguka vizuri kwa mkono. Niliifunga mota mezani bila mapanga, nikaiunga umeme. Ikaguna sekunde tatu, ikaanza taratibu. Hiyo si tabia ya mota iliyosafishwa. Mota nyepesi isiyo na mapanga inatakiwa kuruka mara moja.

Kuna jaribio la kumtambua mkosaji. Umeme ukiwa umezimwa, zungusha shafti kwa vidole kisha uondoe mkono, na mwenzako awashe swichi ikiwa bado inazunguka. Ikidaka na kwenda, izime, isubiri isimame, ufanye hivyo tena kwa upande wa kinyume. Mota inayokwenda upande wowote utakaoisukumia haina msaada wa kuanzia: kapasita imekufa, au koili ndogo inayolishwa na kapasita imekatika. Jaribio hili lifanye bila mapanga. Vidole havioti tena.

Kapasita ni kile kiboksi cheusi au kikopo chenye nyaya mbili. Kabla ya kukigusa, zima umeme, kisha unganisha nyaya zake kupitia balbu ya zamani ya uzi ili chaji iliyobaki iishe. Usigusanishe nyaya zenyewe kwa bisibisi kwa ajili ya kuona cheche. Kitoe upande mmoja, upime kwa mita yenye sehemu ya mikrofaradi. Cha shemeji kiliandikwa mikrofaradi 2, volti 450. Mita ilisoma 0.8. Joto la ukuta ule wa jikoni lilikuwa limekila kwa miaka, bila kuvimba wala kupasuka, kwa hiyo kwa macho kilionekana kizima.

Ukinunua kipya, mikrofaradi ziwe zile zile. Volti zinaweza kuzidi, zisipungue. Wapo wanaoweka kikubwa zaidi "ili feni ipate nguvu": feni inapata nguvu kweli, na koili ndogo inapata joto hadi inaungua.

Mota nyingine ndogo hazina kapasita kabisa, zina nyaya mbili tu na vipete vya shaba kwenye chuma chake. Hizo nguvu zake za kuanza ni kidogo sana, na zikigoma, mara nyingi ni uzito wa mafuta na bushi.

Kukagua koili

Kama kapasita ni nzima na shafti ni nyepesi lakini mota haiendi, pima koili. Mota ya kapasita huwa na nyaya tatu. Weka mita kwenye omu, kapasita ikiwa imetolewa, upime kila jozi. Ya shemeji ilisoma 230, 290 na 520. Ona kwamba ile kubwa ni jumla ya mbili ndogo. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Jozi yenye namba kubwa ndiyo inayofungiwa kapasita, na waya uliobaki ni wa pamoja. Jozi isiyosoma chochote maana yake kuna mkatiko. Kisha weka ncha moja ya mita kwenye waya na nyingine kwenye chuma cha mota palipokwanguliwa rangi, kwenye kipimo cha juu kabisa. Isisome kitu. Ikisoma, umeme unavuja kwenye mwili wa feni, na hiyo feni hairudi ukutani.

Mkatiko wakati mwingine ni fyuzi ya joto tu, kidude kidogo kilichofungwa pamoja na koili ndani ya soksi nyeupe. Kinaweza kubadilishwa kwa chenye nyuzi joto na ampea zile zile. Kukiruka kwa waya, kama wanavyofanya wengi, ni kuondoa kitu pekee kitakachokata umeme mota ikikwama usiku, juu ya ukuta uliopakwa mafuta. Koili ikinuka kuungua na vanishi yake imekuwa nyeusi, mpe msukaji mota aseme bei, ulinganishe na feni mpya. Kwa feni ya inchi 12 mara nyingi mpya inashinda.

Kuirudisha

Panga lirudi kwenye alama yake, na skrubu ya kitovu ikae juu ya ubapa wa shafti, si juu ya mviringo. Ya shemeji ilikuwa imefungwa kwenye mviringo, ndiyo maana ililegea. Zungusha kwa mkono uhakikishe kila panga linapita bila kugusa fremu, kaza skrubu za miguu ya mota, na pale mpira wa kuzuia mtikisiko ulipooza kata kipande cha tyubu ya baiskeli ukitie badala yake.

Washa, kisha shika karatasi laini mbele ya wavu upande wa jikoni. Inatakiwa ivutwe na kunata kwenye wavu. Ikipeperushwa kukuelekea, mota inazunguka kinyume kwa sababu umeunga kapasita kwenye waya usio wake, angalia ile picha uliyopiga. Ikivutwa kidogo tu ingawa feni inakwenda kasi, fungua mlango wa jikoni. Kwa shemeji karatasi ilidondoka mlango ulipofungwa na ikanata ulipofunguliwa, maana feni haiwezi kutoa hewa ambayo haiingii. Tulimtobolea tundu chini ya mlango, pana kama tofali mbili, akaweka wavu wa panya.

Sasa kila Jumatatu kabla ya kuwasha jiko anafuta mapanga kwa kitambaa cha moto, tabaka likiwa bado jekundu. Beseni nalitumia mimi kila baada ya miezi miwili, na malipo yangu ni mgebuka mmoja mzima na ugali wa muhogo.